Mwitikio huru na mwitikio wa kulazimishwa: hesabu moja ya Laplace yenye masharti ya mwanzo yasiyo sifuri

Mlinganyo tofautishi wa mstari ukija na masharti ya mwanzo yaliyo sifuri, mgeuzo wa Laplace ni kazi ya dakika mbili. Kazi inaanza pale mfumo unapokuwa tayari na mwendo wake kabla hujausukuma. Hapo jibu lina vyanzo viwili: hali uliyoukuta nayo mfumo, na msukumo unaoupa. Uzuri wa kuhamia kwenye s ni kwamba vyanzo hivi vinajitenga vyenyewe kwenye karatasi, ilimradi usivichanganye mapema.

Nachukua mzigo uliofungwa kwenye springi yenye kizuia mtikisiko. y ni umbali wake kutoka pale springi inapotulia, na kuanzia t = 0 unasukumwa kwa nguvu isiyobadilika:

```
y'' + 5y' + 6y = 12        y(0) = 4,  y'(0) = -3
```

Yaani tunaukuta mzigo ukiwa umbali wa 4, tayari unarudi kwa kasi ya 3. Kanuni mbili zinatosha: y′ inageuka kuwa sY − y(0), na y″ inakuwa s²Y − s·y(0) − y′(0). Nguvu ya 12 inakuwa 12/s. Ninapoandika, naacha mabano yote yaonekane kwanza:

```
[s²Y - 4s + 3] + 5[sY - 4] + 6Y = 12/s
```

Angalia mabano ya kwanza: −y′(0) ni −(−3), ndiyo maana kuna +3. Sasa peleka upande wa kulia kila kisicho na Y:

```
(s² + 5s + 6) Y = 4s + 17 + 12/s
```

Ile 17 imetoka kwenye −3 + 20, na 20 ni 5 mara y(0). Hapa ndipo nakataa kufanya kile ambacho wengi wanakimbilia, yaani kuweka 4s + 17 na 12/s juu ya asili moja. Ukifanya hivyo jibu la mwisho litakuwa sahihi, lakini umeshapoteza habari ya nani kaleta nini. Gawa kila kimoja peke yake kwa s² + 5s + 6, ambayo ni (s + 2)(s + 3).

Sehemu iliyobeba masharti ya mwanzo ndiyo mwitikio huru:

```
(4s + 17) / [(s + 2)(s + 3)] = 9/(s + 2) - 5/(s + 3)
yh(t) = 9e^(-2t) - 5e^(-3t)
```

Kizigeu cha 9 kinapatikana kwa kuziba (s + 2) na kuweka s = −2 kwenye kilichobaki: (−8 + 17)/(−2 + 3). Cha pili ni (−12 + 17)/(−3 + 2), yaani −5. Sehemu iliyobeba nguvu ndiyo mwitikio wa kulazimishwa, na njia ni ileile:

```
12 / [s(s + 2)(s + 3)] = 2/s - 6/(s + 2) + 4/(s + 3)
yk(t) = 2 - 6e^(-2t) + 4e^(-3t)
```

Jumla yake:

```
y(t) = 2 + 3e^(-2t) - e^(-3t)
```

Sasa tazama jambo linalowachanganya hata watu waliozoea hesabu hizi. Ukitatua mlinganyo huu kwa njia ya zamani, unapata suluhisho maalumu 2, na sehemu isiyo na nguvu 3e^(−2t) − e^(−3t). Mwanafunzi anaona vipande viwili hapa na vipande viwili kule, anasema ni kitu kimoja. Sivyo. Mwitikio huru una 9 na −5, si 3 na −1. Sababu ni kwamba mfumo uliotulia kabisa ukisukumwa ghafla hauwezi kuruka hadi 2. Lazima usafiri, na safari hiyo inatumia e^(−2t) na e^(−3t) zilezile. Ndiyo −6 na 4 zilizomo ndani ya mwitikio wa kulazimishwa. Njia ya zamani inazizoa na kuzichanganya na za mwitikio huru: 9 − 6 ni 3, na −5 + 4 ni −1.

Tofauti hiyo inaonekana mara tu unapobadilisha swali. Tuseme nguvu inakuwa 24, hali ya kuanzia ikibaki ileile. Anayejua mgawanyo anazidisha yk peke yake kwa 2, anaongeza yh, anapata 4 − 3e^(−2t) + 3e^(−3t). Inaanza kwenye 4 kama inavyotakiwa. Anayezidisha jumla nzima anapata kitu kinachoanzia 8. Na anayezidisha 2 ya suluhisho maalumu tu, akaacha 3 na −1 zilivyo, anaanzia 6. Wote wawili wameuhamisha mzigo kabla haujasukumwa.

Kwa upande mwingine, badilisha masharti ya mwanzo yawe y(0) = 2 na y′(0) = 0. Mwitikio huru unakuwa 6e^(−2t) − 4e^(−3t), unafuta kabisa zile −6 na 4, na y(t) inabaki 2 tangu mwanzo. Mzigo umekutwa palepale ambapo nguvu na springi zinalingana, kwa hiyo haujongei. Kwa macho unaona kimya, kumbe ni mienendo miwili inayofutana.

Kuhusu kuhakiki: usiishie kwenye y(0). Kosa la kawaida kuliko yote ni kusahau lile 5·y(0), ukabaki na 4s − 3 badala ya 4s + 17. Ukipasua hiyo unapata −11e^(−2t) + 15e^(−3t), na kwa t = 0 inatoa 4, safi kabisa! Thamani ya mwanzo inategemea 4 iliyo mbele ya s tu, haijui chochote kuhusu namba iliyo nyuma yake. Chukua y′(0) ndipo kosa linajitokeza: 22 − 45 ni −23, wakati tulitaka −3. Mimi huhakiki vipande viwili kila kimoja peke yake: yh lazima itoe 4 na −3, yk lazima itoe 0 na 0. Kikikataa kimoja, najua upande upi wa kutafuta.

Hakiki hiyo ya 0 na 0 ina mpaka wake. Mlinganyo ukiwa na y na mabadiliko yake tu kushoto na nguvu yenyewe kulia, kama hapa, haina shida. Lakini kama kulia kuna kasi ya mabadiliko ya nguvu, kwa mfano y′ + 2y = x′ ambapo x inaruka kutoka 0 hadi 12, basi mwitikio wa kulazimishwa ni 12e^(−2t), na unaanza na 12. Kwa y ya 4 kabla ya mruko, jumla ni 16e^(−2t). Ile 4 ni ya muda mfupi kabla ya sifuri, na 16 ni ya muda mfupi baada yake. Usirudi kutafuta kosa ambalo halipo: masharti unayoingiza kwenye mgeuzo ni ya kabla ya mruko, na x kabla ya mruko nayo ni 0.