Video ya mteja si tangazo lako mpaka akubali

Chukua mfano wa dada anayeuza mafuta ya parachichi ya nywele karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Mteja wake wa Machame anamtumia kwa WhatsApp video ya sekunde 40. Anachana nywele huku akisema: "Nayatumia tangu Mei. Nywele hazikatiki tena nikichana. Ila asubuhi za Julai yanakuwa mazito, inabidi niyaanike juani kidogo kwanza." Nyuma yake mtoto anapita, na redio inapiga wimbo wa Bongo Fleva. Dada anafurahi, na jioni hiyohiyo anataka kuilipia Instagram iwafikie watu wa Moshi na Arusha.

Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanaokuja kwetu kuomba ushauri hukosea. Mteja alituma shukrani kwa mtu mmoja. Hakukubali sura yake ionekane kwa maelfu ya watu asiowajua. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, sura na sauti zinazomtambulisha mtu ni taarifa zake binafsi. Akikuruhusu kuzitumia kwa jambo moja, hujaruhusiwa kuzitumia kwa jambo jingine. Hata kama video aliiweka mwenyewe kwenye status, bado unapaswa kumwomba.

Ombi lenyewe halihitaji wakili. Ujumbe wa maandishi unatosha, mradi useme mambo waziwazi. Dada wa Mbuyuni angeweza kuandika hivi:

"Habari dada. Naomba ile video yako ya mafuta niifanye tangazo la kulipia Instagram na Facebook kwa miezi 3. Nitaifupisha, na nitakutumia uione kabla haijatoka. Jina lako sitaliandika. Ukibadili mawazo niambie, nitaiondoa siku hiyohiyo, ila walioipakua simuni sitaweza kuwafutia. Je, unaridhia? Na aliyekurekodi ni nani?"

Watu huiogopa sentensi ile ya kupakua, kwa kuwa inaweza kumfanya mteja akatae. Iandike hivyohivyo. Mteja ana haki ya kuondoa ridhaa yake, na ni vema ajue mapema mipaka ya unachoweza kumrudishia. Jibu lake litunze pamoja na video yenyewe, usilifute unapopunguza mafaili simuni.

Swali la mwisho nalo lina sababu. Kama aliyeshika simu ni mdogo wake, kwa kawaida hakimiliki ya picha zile ni ya huyo mdogo wake, kwa hiyo naye aombwe. Sehemu anayopita mtoto nyuma ikatwe au uso wa mtoto ufifishwe, isipokuwa mzazi wake ameridhia. Wimbo wa redioni una wenyewe. Kwa kuwa unasikika chini ya maneno ya mteja, ni vigumu kuuondoa peke yake. Njia nyepesi ni kumwomba arudie kusema akiwa mahali patulivu, kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kukata, ambako ndiko uhalisia unapopotea. Kishawishi cha kwanza ni kuondoa ile "ila" ya Julai. Ukiiondoa, maneno yanayobaki ni ya mteja kweli, lakini ushuhuda si wake tena. Ubaya wake utauona msimu wa baridi: mnunuzi wa Arusha atafungua chupa asubuhi, akute mafuta mazito yenye ukungu, aamini yameharibika na adai fedha zake. Mafuta ya parachichi yasiyosafishwa kiwandani ndivyo yalivyo kwenye baridi. Kasoro ile ndogo ilikuwa inamweleza mnunuzi jinsi ya kuyatumia. Kata salamu, kata kusitasita, lakini usikate kinachobadilisha maana.

Vilevile usimwandikie mteja cha kusema. Ushuhuda wa kupangwa hujulikana upesi: msemaji anarudia maneno ya kwenye lebo, hasemi ameanza lini wala anatumiaje, na wateja watatu wanatamka sentensi ileile. Ukitaka maelezo zaidi, muulize tu: kabla ya hapo ulikuwa unatumia nini? Ni nini hakikukupendeza?

Kuhusu zawadi, ninashauri utoe baada ya video kurekodiwa, na uandike kwenye tangazo kwamba mteja amepewa chupa. Ukiahidi chupa ili asifie, umenunua sifa. Ukimwonyesha mtazamaji sifa hiyo kama maoni huru, unampotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Kwa TikTok kuna njia ninayoipenda zaidi. Mteja akiwa ameiweka video kwenye akaunti yake, anaweza kukupa msimbo wa kuitangaza kupitia Spark Ads, na yeye ndiye anayechagua muda: siku 7, 30, 60 au 365. Muda ukiisha, idhini nayo inaisha. Kwa Instagram, tarehe ya mwisho iweke mwenyewe unapopanga malipo ya tangazo, siku ileile mteja anapojibu "naridhia".