Vena haibonyei kwenye skani: hiyo picha inasema nini

Kaka, waifu alijifungua kwa upasuaji siku 9 zilizopita, sasa mguu wa kushoto umevimba wote. Tumepiga altrasaundi hapa Busia wametupa picha mbili zinafanana, moja imeandikwa COMP. Nazisomaje?

Pole sana kaka, na mama mtoto mpe pole. Hizo picha mbili ni sehemu ileile ya mguu, hapo kinenani, ya kwanza probu, kile kifaa anachoshika mpimaji, imegusa ngozi tu, na hiyo yenye "COMP" mpimaji ameikandamiza. Utaona viduara viwili vimekaa jirani, kimoja ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, kingine vena, mshipa unaoirudisha. Ateri ina ukuta mnene na damu yake ina presha, kwa hiyo haibonyei kirahisi. Vena ukuta wake mwepesi, ukiikandamiza kidogo tu inatakiwa ifunge kabisa, kuta zake mbili zigusane, yani duara linapotea unabaki na kimstari au huoni kitu.

Sasa angalia picha ya pili uliyonitumia. Duara kubwa limebaki duara, limelegea kidogo basi, halafu ateri pembeni yake imeanza kupinda umbo, na hapo ndo mi huwa natazama kwanza, kwa sababu kama ateri imeanza kubonyea ujue nguvu ya mkono ilitosha, huwezi kusema mpimaji alikandamiza kivivu. Kuna kitu ndani ya vena kinaizuia isifunge, na kwa mama aliyetoka kujifungua mwenye mguu uliovimba hivyo, kitu hicho ni damu iliyoganda. Pia ona vena imetanuka kupita ateri, hiyo ni dalili ya bonge jipya, maana bonge la zamani hufanya vena inywee na kuta zake ziwe nene.

Lakini ndani ya hilo duara ni nyeusi tu, sioni bonge lolote. Si wanaweza kuwa wamekosea?

Hapa ndo watu wengi wanapotea, hata wapimaji wageni. Bonge la siku chache linaweza kuwa jeusi kwenye skani sawasawa na damu inayotembea, halafu kinyume chake damu inayotembea polepole inaweza kuonekana kama moshi wa kijivu ukadhani ni bonge na kumbe ukibonyeza vena inafunga vizuri. Kwa hiyo weusi au weupe wa ndani usikuamulie, kinachoamua ni kufunga au kutofunga. Rangi za dopla, kipimo cha mwendo wa damu, nazo zinasaidia tu, nyekundu na bluu zinaonyesha damu inakuja kwenye probu au inaondoka, sio kwamba nyekundu ni ateri.

Kwenye ripoti wameandika Lt SFV haibonyei, na jirani yetu nesi anasema hiyo S ni vena ya juu juu, haina shida, tumkande na maji moto.

Hapana kaka, tafadhali msikande. Hilo jina limeshadanganya watu wengi, hata wahudumu. Lt ni kushoto tu, na SFV ni vena ya NDANI ya paja licha ya hiyo S, ndo maana siku hizi wengi wanaandika FV tu ili kuepuka hatari hii hii. Bonge likikatika hapo linapanda mpaka kwenye moyo na kwenda kuziba mapafu. Mrudisheni hospitali leo leo, sio kesho, aanzishiwe dawa ya kuzuia damu kuganda, na mumwambie dokta kwamba ananyonyesha na upasuaji una siku 9, kwa sababu dawa inachaguliwa kwa kuangalia hayo. Akianza kuhema ghafla, kifua kikimchoma au akikohoa damu, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Mimi niko Kampala, dada yangu ana ujauzito, yeye skani ilisema vena zote zimefunga ila mguu wake wa kushoto unazidi kuvimba.

Dada, uliza walipima wapi na wapi. Mara nyingi wanapima kinena na nyuma ya goti tu, na bonge dogo la kwenye shavu la mguu linaweza kupanda baadaye, ndo maana skani inarudiwa baada ya wiki moja hivi. Halafu vena ya ndani ya nyonga huwezi kuikandamiza na probu, iko mbali sana, na kwa wajawazito damu inaweza kuganda huko peke yake, hasa kushoto ambapo ateri inaikalia juu. Mpimaji anaitafuta kwa njia nyingine: anaweka dopla kinenani, mawimbi ya vena yanatakiwa yapande na kushuka na pumzi. Kama upande wa kulia yanapanda na kushuka na kushoto yamenyooka tu bila kufuata pumzi, basi huko juu kuna kizuizi, na hapo hata kama kila kitu kilifunga chini, dokta atatafuta kipimo kingine.