Ujifunzaji tendaji: picha ipi ichorwe kwanza?

Kamera 225 za mradi wa Snapshot Serengeti zilianza kutegwa mwaka 2010, zikaleta mamilioni ya picha. Takribani robo tatu hazina mnyama: nyasi zimepepea, kamera ikapiga. Ukitaka kigunduzi, yaani programu ya kompyuta inayochora kisanduku kumzunguka kila mnyama na kumtaja jina, lazima kwanza watu wachore visanduku hivyo kwa mkono. Huwezi kuchora vyote. Ujifunzaji tendaji ni kumwachia mwanafunzi mwenyewe, yaani kigunduzi, aseme picha zipi zinamsumbua, kisha unamchorea hizo tu.

Tuseme umeanza na picha 500 za bahati nasibu. Unafunza kigunduzi, unakipitisha kwenye picha ambazo hazijachorwa, unasoma alama zake za uhakika, kuanzia 0 hadi 1. Picha moja anasema nyumbu 0.97, hiyo iache, anaijua. Nyingine anasema kongoni 0.48, nyamera 0.44. Tofauti ni 0.04 tu, maana yake anabahatisha. Hiyo ndiyo ya kumpelekea mchoraji. Unakusanya kama 200 za namna hiyo, zinachorwa, unafunza upya, unarudia.

Kwenye karatasi kazi imeisha hapo. Lakini kamera hizi hupiga picha mbili au tatu mfululizo kila zinaposhtuka, na nyamera akisimama mbele ya kamera kutwa, orodha yako ya 200 inaweza kujaa nyamera yuleyule. Dawa yake ni kuweka kikomo, mathalani picha moja kwa kila mfululizo na chache kwa kila kamera. Halafu kuna gharama. Ukijumlisha mashaka ya visanduku vyote, picha ya nyumbu 60 itashinda mara nyingi, na mchoraji atamaliza asubuhi nzima kwenye picha moja. Mimi huchukua shaka kubwa kuliko zote katika picha badala ya jumla.

Kasoro inayouma zaidi haionekani kwenye alama. Nungunungu wa usiku ambaye kigunduzi hakumwona kabisa hana kisanduku, asiye na kisanduku hana alama, basi picha yake inahesabiwa tupu na haichaguliwi kamwe. Kigunduzi kinazidi kuwa hodari kwa kongoni huku kipofu kwa nungunungu. Kwa hiyo katika zile 200, tenga kama 40 za bahati nasibu kabisa, hata kama inauma kulipia picha za nyasi.

Picha za mtihani nazo zichaguliwe kwa bahati nasibu kabla ya yote, zitoke kwenye kamera ambazo hazikutumika kufunzia, na zisiguswe tena. Ukipima kwa picha ngumu ulizochagua mwenyewe, matokeo hayatakuambia hali ya mbugani. Kila duru chora mistari miwili ya usahihi kwenye mtihani: wa kigunduzi kilichofunzwa kwa picha zilizochaguliwa na wa kilichofunzwa kwa idadi ileile iliyookotwa ovyo. Mistari ikikaribia kulingana kwa duru tatu, okota ovyo tu. Ni rahisi zaidi.