Senta kwa senta: kupima umbali wa matundu mawili kwa kalipa

Katikati ya tundu hakuna chuma. Kalipa nayo hupima kile inachokigusa, kwa hiyo huwezi kuweka ncha zake kwenye senta ya tundu moja na senta ya jingine ukasoma namba. Hata hivyo michoro ya mafundi karibu yote hutaja umbali wa matundu kwa senta, kwa sababu kipenyo cha tundu kinaweza kubadilika kidogo kufuatana na keekee iliyotumika, lakini senta ndiyo inayoamua kama boliti mbili zitaingia pamoja au moja itagoma.

Namna ya kuipata senta bila kuigusa ni kuchukua vipimo viwili. Cha kwanza ni chuma kilichobaki katikati ya matundu, yaani kutoka ukingo wa ndani wa tundu la kushoto hadi ukingo wa ndani wa tundu la kulia. Tukiite kipimo kifupi. Cha pili huanzia ukingo wa nje kabisa wa tundu la kushoto hadi ukingo wa nje kabisa wa tundu la kulia. Hicho ni kipimo kirefu. Vijumlishe, kisha ugawe kwa mbili:

```
senta kwa senta = (kifupi + kirefu) / 2
```

Sababu yake ni nyepesi. Kipimo kifupi ni umbali wa senta ukiutoa nusu kipenyo ya tundu la kwanza na nusu kipenyo ya tundu la pili. Kipimo kirefu ni umbali huohuo wa senta, safari hii ukiuongezea nusu kipenyo zilezile mbili. Ukivijumlisha, kilichopungua huku kimeongezeka kule, nusu kipenyo zinafutana, na kinachobaki ni umbali wa senta mara mbili. Hakuna mahali ambapo tumesema matundu lazima yalingane. Hilo ndilo linaloifanya njia hii ishinde ile ya kupima kwa rula kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine. Ile ya rula ni sahihi kwa matundu yenye kipenyo kimoja tu. Likiwapo la milimita 11 na la milimita 9, jibu linapotoka kwa milimita nzima.

Tuchukue kazi ya aina inayoingia sana kwenye karakana za Tanga mjini. Mvuvi wa Sahare analeta bamba lililopasuka, lile linaloshikilia alteneta kwenye injini ya mashua yake, na anataka lingine kama hilo. Mchoro hana. Bamba lina tundu moja la boliti ya M10 na jingine la M8. Kwa kawaida tundu la kupitisha M10 hutobolewa kwa keekee ya milimita 11, na la M8 kwa ya milimita 9.

Kabla ya kupima, fundi anasafisha midomo ya matundu kwa pande zote mbili. Keekee inapotokea upande wa pili huacha chuma chembamba kilichochomoza kuzunguka mdomo, na bamba lililokaa karibu na maji ya chumvi huongeza kutu juu yake. Taya la kalipa likikaa juu ya takataka hiyo, unapima takataka. Tupa ndogo ya mviringo inatosha, ila isile ukuta wa tundu lenyewe. Ikiwa mdomo umelazwa kwa makusudi ili kichwa cha skrubu kizame, mataya yashuke chini ya ule mlazo hadi yaguse ukuta ulionyooka.

Kipimo kifupi huchukuliwa kwa mataya makubwa ya kalipa, yale ya chini. Taya moja huingia katika tundu hili, la pili katika tundu lile, kisha unayafunga taratibu hadi yabane chuma cha katikati. Chuma hicho ni chembamba zaidi kwenye mstari unaounganisha senta mbili, na kinanenepa kadiri unavyopanda au kushuka kutoka mstari huo. Kwa hiyo ukibana polepole huku ukiitikisa kalipa kidogo, mataya yenyewe huteleza kuelekea pembamba. Unasoma namba ndogo kabisa. Kwa bamba letu ni 49.95.

Kipimo kirefu huchukuliwa kwa mataya madogo ya juu, yale ya kupimia ndani ya bomba. Unayatia moja katika kila tundu na kuyafungua hadi yasukume kingo za nje. Hapa mambo ni kinyume: unatafuta namba kubwa kabisa kwa kuitembeza kalipa kidogo kushoto na kulia juu ya uso wa bamba. Lakini iwe wima kwa bamba, isilale. Ikiinama, ncha moja inagusa juu ya ukuta na nyingine chini, na namba inakua bila haki. Tunasoma 70.15.

Jumla ni 120.10, na nusu yake ni 60.05. Bila shaka aliyelitengeneza bamba la kwanza alikusudia milimita 60.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulipita, nami naliona ni nusu ya faida ya njia hii. Usivijumlishe vipimo tu, vitoe pia. Kirefu ukikitoa kifupi unapata jumla ya vipenyo viwili. Kwetu ni 70.15 kutoa 49.95, yaani 20.20. Keekee za 11 na 9 zinatupa 20.00, na keekee hutoboa tundu kubwa kidogo kuliko yenyewe, hivyo 20.20 ni namba ya kuaminika. Tuseme kijana anayejifunza kazi amesoma kirefu 69.35.

"Fundi, senta ni 59.65," anasema.

"Toa kwanza, mwanangu. Vipenyo umepata ngapi?"

"19.40."

"Keekee ya 11 na ya 9 zimepita humo. Zitapitaje kwenye 19.40? Rudia kile kirefu."

Mataya yake hayakufika kwenye upana mkubwa kabisa wa matundu, au yamekalia kutu. Kwa kujumlisha peke yake asingejua, kwani 59.65 haina sura ya kosa. Kutoa ndiko kulikomfichua, na ndiyo sababu ni vizuri kuandika vipimo vyote viwili kwenye karatasi badala ya kubaki na jibu la mwisho tu.

Kuna kosa moja ambalo hata kutoa hakulioni. Kalipa isiyosoma sifuri ikiwa imefungwa, tuseme inasoma 0.10, huongeza 0.10 kwenye vipimo vyote viwili. Tofauti yao inabaki safi, lakini senta imeharibika kwa 0.10 kamili. Kwa hiyo ifunge kwanza uitazame. Mataya madogo nayo huchakaa peke yake, na kuifunga kalipa hakutoshi kuyahakiki. Chukua beringi mpya ya namba 6203, ambayo haikosekani kwenye maduka ya vipuri. Tundu lake ni milimita 17 na kipenyo chake cha nje milimita 40. Mataya madogo yakisoma 17.00 ndani na makubwa yakisoma 40.00 nje, una kalipa unayoweza kuisimamia.

Upo pia upungufu wa mataya yenyewe. Ncha zake zinaonekana kama kisu, lakini zina ubapa mdogo. Ubapa hauwezi kukaa kwenye kitako cha mpindo wa tundu, hugusa kwa pembe zake mbili, kwa hiyo kipimo kirefu husoma pungufu kidogo. Ubapa wa nusu milimita katika matundu ya milimita 5 hupunguza kama 0.025. Katika matundu ya milimita 11 hauna uzito. Kinachopendeza ni kwamba mataya makubwa nayo yana ubapa, na kwa kipimo kifupi kosa linageuka: yanasoma zaidi. Ukijumlisha, pungufu moja na ziada nyingine hufutana kwa sehemu, na zikiwa na ubapa sawa hufutana kabisa. Anayepima kirefu peke yake na kutoa kipenyo alichokisoma kwenye keekee hapati msaada huo.

Matundu yakiwa na kipenyo kimoja na kalipa yako ni ya betri, ipo njia fupi. Pima kipenyo cha tundu moja kwa mataya madogo, bonyeza sifuri yakiwa humohumo, kisha pima kirefu. Kioo kinakupa senta kwa senta moja kwa moja, maana kirefu kilichotolewa kipenyo kimoja ndiyo senta. Na kwa kuwa mataya yaleyale yamefanya kazi zote mbili, makosa ya ubapa na ya sifuri yanaondoka pamoja. Njia hii inafaa sana kwa miguu ya mota za umeme. Mota ya fremu 80 ina matundu ya milimita 10 kwenye miguu, na senta zake ni 125 kwa upana na 100 kwa urefu. Ila usiitumie kwa bamba la mvuvi wetu. Ukiweka sifuri kwenye tundu la 11, jibu litapungua milimita moja, na ukiweka kwenye la 9 litazidi milimita moja.

Usahihi wa 60.05 unatosha? Boliti ya M8 katika tundu la 9 ina nusu milimita ya kucheza kila upande. Robo ya milimita ya kukosea haitazuia boliti zote mbili kuingia. Kwa pini zinazogongwa bila nafasi hali ni tofauti kabisa, na kalipa ya mkononi haitoshi. Huko matundu hutobolewa vipande viwili vikiwa vimebanwa pamoja.

Mara nyingine vipimo vya upande wa juu wa bamba hutoa 60.05 na vya upande wa chini 60.50. Usitafute wastani wake. Keekee ililala wakati wa kutoboa na tundu limepinda, hasa kama bamba ni nene na kazi ilifanywa kwa drili ya mkono. Senta inayohusika ni ya uso ule unaokaa kwenye injini, basi geuza bamba, tazama alama ya mkandamizo iko upande gani, na upime huko.

Kalipa ya milimita 150 ikifika mwisho kabla ya kirefu, kama kwa mota ya fremu 100 ambayo ina senta 160 na tundu 12, pima kifupi tu upate 148, kisha ongeza nusu kipenyo ya kila tundu, ukiwa umepima kila tundu kivyake.