Ripoti ya tukio si utetezi wa hoteli

Wiki iliyopita meneja mwenzangu wa Lindi alinitumia ripoti ya tukio nimnyooshee Kiswahili kabla hajaipeleka kampuni ya bima. Ilikuwa na sentensi tatu: "Mgeni wa chumba namba 9 aliteleza bafuni kwa uzembe wake wa kutovaa ndala. Aliumia kidogo. Hoteli haihusiki."

Kiswahili chake hakina kasoro. Kinachoniudhi ni imani iliyo nyuma yake, na nimeikuta kwa mameneja wengi mno: kwamba ripoti inaandikwa ili kuitetea hoteli. Huyu ndugu yangu hakuwepo bafuni. Hakuona mguu ukiteleza. "Uzembe" ni hukumu, "kidogo" ni kauli ya daktari, na "haihusiki" ni jambo la kampuni ya bima, au la mahakama likifika huko. Hilo "kidogo" ndilo linaloniogopesha zaidi. Mkono uliovimba usiku huweza kuonekana umevunjika ukipigwa eksirei asubuhi, na msomaji wa ripoti akishaona umepunguza jeraha, atajiuliza ni kipi kingine umepunguza.

Nieleze kwa tukio langu mwenyewe, hapa Mtwara. Ulikuwa msimu wa korosho, vyumba vyote vimejaa, joto na unyevu wa Novemba, viyoyozi havizimwi usiku wala mchana. Mgeni, mzee mmoja mfanyabiashara, alipiga simu mapokezi akisema ameanguka. Mlinzi na mhudumu wa zamu walimkuta amekaa sakafuni kati ya kitanda na mlango wa bafu, ameshika kifundo cha mkono wa kulia. Mimi nilifika dakika kumi baadaye.

Kwenye marumaru palikuwa na maji, na juu yake ukutani kuna kiyoyozi chenye mchirizi wa unyevu kwenye rangi. Bomba la kutolea maji la kiyoyozi likizibwa na ule utelezi wa kijani, maji hujaa kwenye sinia yake na kumwagikia ndani. Kila fundi wa pwani anaujua ugonjwa huo. Kwa hiyo mhudumu alikuwa na jibu tayari: "Ni maji ya kiyoyozi, bosi." Lakini mzee mwenyewe aliniambia ametoka kuoga, na taulo lililolowa lilikuwa mlangoni. Maji yale yalikuwa ya kiyoyozi, au ya miguu yake, au ya vyote viwili? Sijui mpaka leo. Na ripoti yangu haikusema kwamba najua.

Niliyoyaona niliyaandika kama niliyoyaona: "Nilikuta sehemu yenye unyevu kwenye marumaru, takribani ukubwa wa mkeka wa kuswalia, hatua mbili kutoka mlango wa bafu." Niliyoambiwa niliyaandika kwa maneno ya msemaji na jina la cheo chake: "Mgeni alisema: nilitoka kuoga, mguu wa kushoto ukaenda." Dhana ya mhudumu kuhusu kiyoyozi niliiweka pia, lakini kama dhana yake, si kama sababu. Mtathmini wa bima alipokuja hakuhitaji maoni yangu. Alihitaji kujua nani aliona nini, akiwa amesimama wapi.

Palikuwa na doa moja. Mhudumu, kwa wema tu, alipiga deki kabla mimi sijafika na simu ya kupigia picha. Najua hoteli ambako walimwagia maji upya ili picha ipatikane. Huko ni kutengeneza ushahidi, hata kama nia ni njema. Niliandika kwamba sehemu kubwa ya maji ilikaushwa na mhudumu kabla ya picha, na kwamba picha zinaonyesha kilichobaki. Kiyoyozi nilikizima, nikakataza fundi asikiguse mpaka kitazamwe, na mgeni nikampisha chumba changu cha zamu.

Sasa suala la saa, ambalo watu hulipita haraka mno. Mapokezi waliandika daftarini "saa 5:20". Mfumo wa kamera za ulinzi ulisema 23:20. Sisi tunaelewana, ni usiku wa saa tano. Lakini ripoti hii itasomwa Dar es Salaam, pengine itatafsiriwa, na mtu atasoma alfajiri ya saa kumi na moja na dakika ishirini. Hapo ataona mgeni aliyelala sakafuni saa sita nzima bila msaada. Andika zote mbili kila mara: saa 5:20 usiku, yaani 23:20.

Neno "pole" nalo lina matatizo yake. Mwajiri wangu wa zamani alitukataza kabisa kumpa mgeni pole, eti ni kukiri kosa. Pole si samahani. Tunampa pole mfiwa, na hatukumuua marehemu. Kumnyima pole mzee aliyeanguka ni ukatili ambao kwetu hausameheki, na ndio unaomfanya atafute wakili. Mpe pole. Kwenye ripoti, andika "nilimjulia hali na kumpa pole", lakini kama itakwenda kwa lugha nyingine, hakikisha mfasiri hageuzi ikawa umeomba radhi kwa kosa. Usichoruhusiwa kusema ni "tutalipa", kwa sababu mikataba mingi ya bima ya dhima inakataza kukiri wajibu au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Mtoto wa mzee aliniuliza kwenye simu kama tutagharamia. Nilimjibu: "Gari la hospitali ni letu usiku huu. Mengine nayafikisha kesho asubuhi kwa wanaohusika." Kuhusu hilo gari sijawahi kuwa na uhakika kamili, ila nisingeweza kumwacha atafute bodaboda.

Lililonikosesha usingizi lilikuwa daftari la matengenezo. Siku mbili kabla, mgeni mwingine wa chumba hicho alilalamika kwamba kiyoyozi kinadondosha maji. Fundi aliandika "kimesafishwa". Mkurugenzi aliuliza kama ni lazima hilo liingie. Liliingia, katika aya yake: tarehe, maneno ya lalamiko, maneno ya fundi, nakala ya ukurasa. Sikuandika "kwa hiyo". Bima imejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, na ukificha jambo unalolijua unaipa kampuni sababu ya kukataa dai lote. Isitoshe, shauri la madhara linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Fundi atakuwa amehama, mhudumu ameolewa Masasi, na ukurasa ule bado upo.

Picha za mkono wa mzee hazikuingia kwenye kundi la Watsapu la wafanyakazi. Taarifa za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na meneja ndiye atakayeulizwa.

Ndugu yangu wa Lindi alinijibu kwamba ripoti yake tayari ilishamfikia mkurugenzi, afute na kutuma nyingine? Nimemwambia asifute. Aache ile ya kwanza ilivyo, aandike karatasi ya pili yenye kichwa "Nyongeza", tarehe na saa ya leo, aseme kwamba maneno "uzembe", "kidogo" na "haihusiki" yalikuwa maoni yake na hakushuhudia tukio, kisha amwite mhudumu wa chumba namba 9, amuulize alikuta nini sakafuni, aandike jibu lake neno kwa neno, na wote wawili watie saini.