Fowadi, opsheni na dola za asali ya Tabora: dhana potofu zinazokula maksi

Tuchukue kampuni ya mfano iliyopo Tabora mjini. Inanunua asali kwa wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Urambo, inawalipa shilingi, inachuja, inajaza mapipa na kuyasafirisha hadi bandari ya Dar es Salaam. Mnunuzi wake yuko Ujerumani na atalipa dola 100,000 baada ya miezi mitatu. Wafugaji, vibarua na wenye malori wameshalipwa kwa shilingi, lakini hakuna ajuaye dola hizo zitaleta shilingi ngapi siku zikifika.

Swali la mtihani wa fedha za kimataifa huanzia hapo. Leo benki inanunua dola kwa shilingi 2,525 na inaiuza kwa 2,545. Riba ya shilingi ni asilimia 10 kwa mwaka, ya dola ni asilimia 4. Namba hizi nimezipanga mwenyewe ili hesabu isitusumbue. Tunachokitafuta ni namna ya kufikiri, kwa sababu wanafunzi wengi hukokotoa vizuri halafu wakaandika maelezo yanayopingana na hesabu yao wenyewe.

Dhana: kiwango cha fowadi ni utabiri wa benki

Fowadi ni makubaliano ya leo ya kuuziana dola siku ya mbele kwa bei inayowekwa leo. Benki ikitaja bei iliyo juu kuliko ya leo, wengi huandika kwamba "benki inatarajia shilingi itashuka". Jibu hilo hukatwa maksi, na linastahili. Benki haihitaji kutarajia lolote, kwa kuwa bei hiyo inatoka kwenye riba za sarafu mbili.

Ili uone kwa nini, acha fowadi pembeni na ujikinge kwa njia ya mkopo. Kampuni inakopa leo dola ambazo zikijumlishwa riba ya miezi mitatu zitafika 100,000 kamili. Riba ya miezi mitatu ni asilimia 1, kwa hiyo inakopa 100,000 kugawa kwa 1.01, yaani dola 99,009.90. Inaziuza benki kwa 2,525 na kupata shilingi 250,000,000. Inaziweka kwa riba ya asilimia 2.5 kwa miezi mitatu, na mwisho zinakuwa 256,250,000. Mjerumani akilipa, dola zake zinafuta mkopo. Kampuni imebaki na shilingi milioni 256.25, na hakuna mahali popote ilipolazimika kubashiri.

Gawa kiasi hicho kwa dola 100,000: ni shilingi 2,562.50 kwa dola. Hicho ndicho kiwango cha fowadi, na kanuni inayokitoa ni fupi, S ikiwa bei ya leo na riba zikiwa za miezi mitatu:

F = S × (1 + riba ya shilingi) ÷ (1 + riba ya dola)

F = 2,525 × 1.025 ÷ 1.01 = 2,562.50

Benki ikitoa bei iliyo mbali na hiyo, mtu angekopa upande mmoja na kuweka upande wa pili akavuna faida isiyo na hatari, mpaka bei irudi kwenye mstari. Katika soko halisi riba ya kukopa huzidi ya kuweka, kwa hiyo njia hizi mbili hukaribiana tu bila kulingana kabisa. Ndiyo maana swali lenye riba mbili kwa kila sarafu hukutaka ukokotoe njia zote mbili, kisha uchague inayoleta shilingi nyingi zaidi.

Kuna makosa matatu hapa ambayo unaweza kuyabaini mwenyewe kabla ya msahihishaji. Ukipata F iliyo chini ya 2,525, umepindua sehemu: sarafu yenye riba kubwa, hapa shilingi, ndiyo inayokuwa nafuu kwenye fowadi, hivyo dola moja lazima idai shilingi nyingi zaidi. Ukipata karibu 2,670, umetumia riba ya mwaka mzima bila kuigawa kwa nne. Na ukianzia na 2,545, umesahau nani anauza. Kampuni yetu inauza dola, kwa hiyo bei yake ni ile ambayo benki inanunulia, na daima ndiyo iliyo mbaya kwake kati ya mbili zilizotajwa.

Dhana: shilingi hushuka tu, anayepokea dola hahitaji kinga

Hili nalisikia hata kwa wafanyabiashara waliokomaa. Oktoba 2024 dola moja ilikuwa juu ya shilingi 2,700, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Kwa dola 100,000, tofauti ya shilingi 300 ni milioni 30, na inaweza kumeza faida yote ya msimu wa asali.

Dhana: fowadi imetia hasara kwa sababu bei ilipanda

Tuseme kampuni ilifunga fowadi kwa 2,562.50, na siku ya malipo benki inanunua dola kwa 2,620. Bila kinga ingepata milioni 262, sasa inapata milioni 256.25. Mwanafunzi anaandika kwamba kampuni imepata hasara ya shilingi 5,750,000 na kwamba uamuzi ulikuwa mbaya.

Kiasi hicho ni faida iliyoachwa. Lengo lilikuwa kujua mapema shilingi zitakazoingia, na zimeingia zile zile. Uamuzi wa kinga hupimwa kwa yaliyojulikana siku ya kuufanya, na siku hiyo 2,620 na 2,480 zote zilikuwa zinawezekana. Swali likikuambia "toa maoni", liseme hilo waziwazi, kisha taja pia kwamba fowadi imeondoa uwezekano wa kunufaika. Huo ndio upande wake dhaifu, na unaelekeza moja kwa moja kwenye opsheni.

Dhana: opsheni ni bora kuliko fowadi kwa kuwa haikulazimishi

Opsheni inampa mnunuzi wake haki bila kumfunga: siku ikifika anaweza kuitumia au kuiacha. Kampuni yetu inahitaji opsheni ya kuuza dola. Mtego wa kwanza ni kwamba swali linaweza kuiita opsheni ya kununua shilingi. Ni kitu kile kile, maana anayeuza dola kwa shilingi ananunua shilingi. Angalia mteja anatoa sarafu gani na kupokea ipi, na jina halitakubabaisha.

Tuseme bei ya utekelezaji, yaani bei ambayo opsheni inakupa haki ya kuuzia dola, ni 2,550, na ada ni shilingi 30 kwa kila dola, inayolipwa leo. Ada yote ni 3,000,000. Mtego wa pili uko hapa: ada inatoka leo, mapato yanaingia baada ya miezi mitatu, na shilingi za nyakati mbili hazijumlishwi hivi hivi. Ipeleke mbele kwa riba ya asilimia 2.5, iwe 3,075,000, yaani shilingi 30.75 kwa dola. Ada hiyo hairudi, uitumie opsheni au usiitumie.

Sasa tujaribu bei tatu za siku ya malipo. Dola ikiwa 2,450, kampuni inaitumia opsheni: inauza kwa 2,550 na kupata 255,000,000, ukitoa ada inabaki 251,925,000. Fowadi ingeleta 256,250,000, na kukaa bila kinga kungeleta 245,000,000. Dola ikiwa 2,570, kampuni inaiacha opsheni na kuuza sokoni: 257,000,000 ukitoa ada ni 253,925,000, na hapo opsheni imekuwa ya mwisho kati ya njia zote tatu. Dola ikiwa 2,650, opsheni inaachwa tena na kampuni inabaki na 261,925,000. Imeishinda fowadi, lakini imeshindwa na asiyejikinga aliyepata 265,000,000.

Tazama mpangilio huo kwa makini, kwa sababu ndio kiini cha suala zima. Ukiangalia nyuma baada ya siku ya malipo, opsheni haishiki nafasi ya kwanza kamwe. Inaishinda fowadi pale tu dola inapozidi 2,593.25, yaani 2,562.50 kuongeza 30.75, na huko asiyejikinga anaishinda. Inamshinda asiyejikinga pale tu dola inaposhuka chini ya 2,519.25, yaani 2,550 kutoa 30.75, na huko fowadi inaishinda. Anayelipa ada ananunua uhakika wa kutoangukia kwenye matokeo mabaya kabisa, huku mlango wa juu ukibaki wazi. Jibu linalosema "opsheni ni bora" bila kutaja mipaka hii miwili halijakamilika.

Kwa dola ambazo zitaingia bila shaka, na kwa kampuni inayotaka kujua bajeti yake, mimi ningechagua fowadi. Ada ya shilingi milioni tatu ni fedha nyingi kwa biashara ya asali.

Dhana: fowadi ni salama kila mara, maana imeondoa hatari

Imeondoa hatari ya kiwango kwa sharti kwamba dola zitaingia. Mzigo wa asali unaweza kukataliwa Ulaya kwa unyevu uliozidi au mabaki ya dawa, au mnunuzi akafilisika. Fowadi haijali. Siku ikifika kampuni inadaiwa dola 100,000 ambazo haina, hivyo inabidi izinunue benki kwa bei ya kuuzia. Kama bei hiyo ni 2,640, inanunua kwa 264,000,000 na kukabidhi kwa 256,250,000. Imepoteza shilingi 7,750,000 taslimu, na safari hii hatuwezi kuiita faida iliyoachwa. Kama bei ingekuwa 2,500 ingepata faida, na hapo utaona kwamba bila dola za mnunuzi mkataba uliokuwa kinga umegeuka kuwa dau.

Aliyenunua opsheni, kwenye 2,640 ile ile, angeiacha tu, na hasara yake ingeishia kwenye ile 3,075,000. Kwa hiyo swali likikutajia zabuni ambayo haijashindwa bado, au mteja asiye na rekodi ya kulipa, msahihishaji anakuelekeza kwenye opsheni.

Maswali mazuri huchanganya vyote viwili. Tuseme dola 60,000 zina dhamana ya benki ya mnunuzi na 40,000 zinategemea vipimo vya maabara. Fowadi kwa sehemu ya kwanza inaleta 153,750,000. Opsheni kwa sehemu ya pili inaleta angalau 102,000,000, ukitoa ada ya 1,230,000 inabaki 100,770,000. Mzigo ukipita, kampuni haitapata chini ya shilingi 254,520,000. Usipopita, ile 1,230,000 ndiyo pekee itakayopotea kwa upande wa kinga, hata dola ikipanda kiasi gani.