Doa la unyayoni na uzushi wa kisu

"Daktari, usilikate. Likiguswa na kisu linasambaa." Hii nimeisikia mara nyingi mno, na mara ya mwisho imetoka kwa kijana msomi aliyemleta mama yake mwenye doa jeusi kisiginoni. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi someni hapa.

Uzushi wenyewe najua unakotoka. Mtu anakaa na doa miaka, analipaka hiki na kile, anafika hospitali mitoki imeshavimba, yaani ugonjwa umeshafika huko. Anakatwa, na miezi michache baadaye anafariki. Pale msibani anayelaumiwa ni kisu, hakuna anayekumbuka kwamba mitoki ilitangulia. Kuliondoa doa ili lipimwe hakuisambazi melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi. Muda ndio unaoisambaza.

Swali la maana ni doa lipi likatwe. Mitandaoni mtakuta vigezo vilivyotungwa New York mwaka 1985: nusu mbili zisizolingana, kingo zisizonyooka, rangi zaidi ya moja, upana unaopita milimita 6. Kubadilika kuliongezwa mwaka 2004, na kwangu hicho ndicho kigezo kikuu. Vile vingine vilitungwa kwa kuangalia ngozi za Wazungu. Sisi weusi melanoma hutupata zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na nyayo zetu nyingi zina mabaka ya asili yenye kingo zisizoeleweka. Ningefuata kingo peke yake, ningekata nusu ya watu walioko foleni. Kwa hiyo natafuta lile lisilofanana na wenzake, halafu nauliza limebadilika kwa muda gani.

Lililotokea ghafla kwa siku mbili tatu mara nyingi ni damu iliyovilia. Naparua gaga la juu taratibu kwa wembe, na damu kavu inatoka nalo. Linalokolea wakati wa ujauzito, au linalokua na mtoto huku umbo likibaki lilelile, kwa kawaida halinitishi. Linalotanuka upande mmoja, mwezi hadi mwezi, kwa mtu mzima, hilo silipendi hata kama haliumi. Na tafadhali, kutouma si dalili njema! Melanoma changa haiumi.

Kisha nachukua dermoskopu, kile kioo cha kukuzia chenye taa. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji, na juu ya matuta kuna vitundu vya jasho vinavyoonekana kama nukta nyeupe zilizopangwa mstari. Vitundu hivyo ndivyo vinavyonionyesha tuta liko wapi. Rangi ikikaa ndani ya mifereji, mara nyingi doa ni salama. Ikifuata matuta, naandaa ganzi.

Doa la mama yule lilikuwa na milimita 11. Upande wa vidole lilikuwa kahawia hafifu, upande wa nyuma jeusi lenye ubuluu, na rangi ilikuwa juu ya matuta. Alisema miaka mitatu nyuma halikufika nusu ya hapo. Tulilitoa zima, pamoja na milimita 2 za ngozi nzima kulizunguka, hadi kwenye mafuta, likaingia kwenye formalini, dawa ya kulihifadhi hadi maabara.

Hapa ndipo hasira zangu zilipo. Kuna wanaochoma madoa kwa umeme au asidi, au wanakwangua juu juu na kutupa walichokwangua. Mpango wote wa matibabu unategemea kina cha melanoma, kinachopimwa kwa milimita chini ya hadubini. Ukishachoma, umeteketeza kipimo, na seli zilizobaki chini ya kovu zinaendelea na kazi.

Si kwamba nina uhakika kila mara. Kuna madoa ambayo hata dermoskopu haisemi kitu. Kitabu kinasema piga picha pamoja na rula, mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu. Lakini nikijua nauli ya kurudi ni mtihani, nakata mengine ambayo kwa mgonjwa wa jirani ningeyasubiri, na mengi yanarudi maabara yakiwa salama. Hata wanapatholojia wawili, madaktari wanaosoma vipande hivyo kwa hadubini, wanaweza kutofautiana juu ya kipande kilekile.

Majibu ya mama yalisema melanoma, kina milimita 0.6, bila kidonda juu yake. Kwa kina hicho tulirudi kupanua sentimita 1 pande zote, na kwa kuwa ngozi ya kisigino haivutiki tukaweka kipandikizi cha ngozi. Mitoki yake haikuwa imevimba. Tutaendelea kuipapasa kila akija kliniki, kwa miaka.

Kijana naye akanionyesha kidoa cha shavuni: laini, kimeinuka, kina unywele katikati, kiko vilevile tangu shule ya msingi. Anataka kikatwe leo leo. Nimemwambia akiache.